Begi au Kago: Hesabu ya Anayefuata Mzigo Guangzhou

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepanda ndege kwenda Guangzhou kufuata mzigo hulipa nauli mbili: yake mwenyewe, na ya nguo, viatu au mikoba anayorudi nayo. Ya kwanza huijua kabla hajatoka nyumbani. Ya pili huijua mwishoni, akiwa ameshanunua, chumba cha hoteli kimejaa mifuko na ndege inaondoka kesho yake. Hapo huwa na njia tatu. Anaweza kulipia kilo za ziada aondoke nazo, kuukabidhi mzigo kwa wakala wa kago ya ndege, au kuuacha upande meli.

Wengi hulinganisha njia hizo kwa kuuliza bei ya kilo. Swali hilo lina kasoro, kwa sababu njia hizo hazipimi kitu kimoja. Shirika la ndege huhesabu mabegi ya abiria, au kilo zake. Kago ya ndege huhesabu kilo, lakini mzigo ukiwa mkubwa na mwepesi huhesabu nafasi uliyochukua. Meli, kwa mizigo midogo ya kuchanganya, huhesabu nafasi karibu peke yake. Kwa hiyo bidhaa ileile inaweza kuwa nafuu katika njia moja na ghali katika nyingine, bila mtu yeyote kupandisha bei.

Kilo za ziada zinavyonunuliwa

Tiketi nyingi za daraja la kawaida kati ya Afrika Mashariki na China huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, yaani kilo 46, pamoja na begi la mkononi. Mashirika mengine hayahesabu mabegi bali kilo kwa jumla, na abiria huzigawa anavyotaka. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtalii na kubwa kwa mfanyabiashara. Panapohesabiwa mabegi, begi la kilo 12 hulipiwa sawa na la kilo 23. Panapohesabiwa kilo, begi jepesi hulipiwa wepesi wake.

Katika mfumo wa mabegi kuna mipaka mingine miwili. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Na begi moja, hata likilipiwa, kwa kawaida halipokelewi likizidi kilo 32, kwa sababu wapakiaji hulinyanyua kwa mikono. Kati ya kilo 23 na 32 mashirika mengi hutoza faini ya uzito, ambayo ni bei tofauti na ile ya begi la ziada. Mwenye mabegi mawili ya bure anaweza kuyajaza hadi kilo 32 kila moja na kupata kilo 18 zaidi bila kuongeza begi la tatu. Katika shirika moja njia hiyo ni nafuu, katika jingine ni ghali kuliko begi jipya. Jedwali la bei la shirika husika ndilo linaloamua.

Kulipia kabla maana yake ni kununua nafasi hiyo kwenye tovuti au programu ya shirika, kwa namba ya tiketi, kabla ya kufika uwanjani. Bei yake huwa chini ya ile ya kaunta, na dirisha la kununua hufungwa saa kadhaa kabla ya ndege kuruka. Malipo haya mara nyingi hayarudishwi. Ndiyo maana anayenunua nafasi akiwa bado Dar es Salaam, kabla hajajua atanunua nini, hucheza kamari. Wazoefu hungoja hadi usiku wa mwisho. Mzigo hufungwa wote, kila begi hupimwa kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, na nafasi hununuliwa kwa idadi iliyothibitishwa, kwa safari ya kurudi tu. Mwenye tiketi ya mashirika mawili tofauti ana kazi moja zaidi, kwa kuwa nafasi iliyonunuliwa kwenye shirika moja huenda isitambuliwe na lile linaloendesha kipande cha pili cha safari. Hilo huulizwa kabla ya kulipa, maana kwenye kaunta ya uwanja wa kuunganishia hakuna wa kumsikiliza.

Begi lenyewe nalo lina uzito. Sanduku gumu la magurudumu hula kilo nne au zaidi kabla halijawekwa kitu, wakati mfuko wa shangazi kaja haufiki kilo moja. Tofauti ya kilo tatu ni magauni mepesi kumi na mawili. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa nguo huenda na sanduku moja tu la heshima, mengine yote yakiwa mifuko iliyozungushiwa solatepu mpaka haionekani rangi yake.

Kago ya ndege na hesabu ya ujazo

Mzigo wa kago haupiti kaunta ya abiria. Hupelekwa kwenye ghala la wakala. Guangzhou ina mawakala wengi wanaohudumia Waafrika, hasa kuzunguka Xiaobei katika wilaya ya Yuexiu. Mwenye duka la jumla, awe kwenye jengo la nguo la Baima karibu na stesheni ya treni au kwenye masoko ya Shahe, huupeleka mzigo ghalani moja kwa moja ukiwa umeandikwa alama ya mteja: jina lake, namba ya simu na mji unakokwenda. Wakala hukusanya mizigo ya watu wengi, huipakia kama shehena moja, huitoa forodhani Dar es Salaam na kumpigia mteja aje kuchukua. Bei ya kilo anayotaja mara nyingi ni ya jumla, nauli na ushuru humohumo.

Kabla ya kutoza, wakala hupima mara mbili. Kwanza huweka boksi kwenye mizani. Kisha huchukua utepe, huzidisha urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, na kugawa kwa 6,000. Jibu ni kilo za ujazo. Kati ya namba hizo mbili, iliyo kubwa ndiyo inayolipiwa. Kwa kanuni hiyo mita moja ya ujazo ni sawa na kilo 167 hivi. Kampuni za kusafirisha vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000 badala ya 6,000, na hapo boksi lilelile huwa zito zaidi kwenye karatasi.

Viatu huonyesha jambo hili vizuri kuliko bidhaa nyingine. Tuseme boksi la jozi kumi na mbili za raba, kila jozi ndani ya kasha lake, lina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Kwenye mizani ni kilo 12. Kwa utepe ni sentimita za ujazo 120,000, na zikigawanywa kwa 6,000 zinakuwa kilo 20. Mteja hulipia kilo nane za hewa. Jumla ya pande zake ni sentimita 150, kwa hiyo boksi hilo lingekubaliwa kama begi. Kwa shirika linalohesabu kilo lingelipiwa 12, na kwa shirika linalohesabu mabegi lingemaliza nafasi nzima ya kilo 23.

Dawa inayotumika ni kutupa makasha, au kuyakunja yawe bapa na kuyabeba pembeni kwa wateja wanaoyadai. Viatu vikipangwa kisigino kwa ncha, soksi na mikanda ikisokomezwa ndani, boksi lilelile linaweza kubeba karibu jozi mara mbili, na uzito wa mizani hukaribiana na wa utepe. Hapo kago haina tena cha kutoza hewani. Mikoba migumu haikunjiki hivyo, ndiyo maana wauza mikoba huitia midogo ndani ya mikubwa. Makoti ya baridi huvutwa hewa kwa mifuko maalumu. Nguo nyepesi za pamba, vitambaa na nywele za bandia hazihitaji ujanja huo. Ni nzito kuliko nafasi yake, kwa hiyo hulipiwa uzito halisi.

Begi lililojaa hadi mpaka wa sentimita 158, kulingana na umbo lake, linaweza kuwa na kilo za ujazo kati ya 22 na 24, karibu sawa na kilo 23 zinazoruhusiwa. Maana yake, bidhaa iliyo nyepesi kuliko kiwango hicho haifaidi chochote kwa kuhama kutoka mfumo wa mabegi kwenda kago ya ndege, kwani kote hulipiwa nafasi. Faida ya kuhama huja kwenye bei ya kilo na kwenye ushuru, ambao huzungumziwa mbele.

Magauni mia nne

Ili kuona namba zikifanya kazi, tuchukue mfanyabiashara aliyenunua magauni mepesi 400 kwa dola 5 kila moja. Gauni moja lina gramu 250, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 100 na mtaji wake ni dola 2,000. Bei za usafiri zitakazotumika hapa ni za mfano, maana hubadilika kila msimu: begi la ziada la kilo 23 dola 150 likilipiwa kabla na dola 200 kaunta, kago ya ndege dola 10 kwa kilo, kila kitu ndani, meli dola 450 kwa mita ya ujazo, ambayo mawakala huiandika CBM, nayo kila kitu ndani. Uzito wa mifuko na wa nguo zake mwenyewe umeachwa ili hesabu isichanganye.

Mabegi mawili ya bure hubeba kilo 46, yaani magauni 184. Nauli yake imo kwenye tiketi, itumike isitumike. Hayo ndiyo ya kuchagua kwa uangalifu. Humo huingia rangi na saizi zinazotakiwa kwanza, zile ambazo wateja wameshaziulizia kwenye simu, pamoja na bidhaa ambayo thamani yake kwa kilo ni kubwa. Kuweka vitu vya bei rahisi kwenye kilo za bure kisha kulipia za ziada kwa vitu vya bei kubwa hakubadili jumla ya nauli, lakini hubadili kitakachoanza kuuzwa wiki ya kwanza.

Yanabaki magauni 216, kilo 54. Kwa mabegi ya kulipia yanahitaji matatu, dola 450, na kila gauni linabeba nauli ya dola 2.08. Kwa bei ya kaunta ni dola 600, sawa na dola 2.78 kwa gauni. Wastani huo, hata hivyo, unaficha kitu. Mabegi mawili ya kwanza yamejaa, kilo 46 kwa dola 300, na nauli ya gauni ni dola 1.63. Begi la tatu lina kilo 8 tu, magauni 32, kwa dola 150. Kila gauni humo limelipiwa dola 4.69, karibu bei yake ya kununulia. Begi la mwisho ambalo halijajaa ndilo linalokula faida ya safari, na halionekani mpaka lihesabiwe peke yake.

Magauni hayo 32 yakipelekwa kago ni dola 80, yaani dola 2.50 kila moja. Kikwazo ni kwamba mawakala wengi wana kiwango cha chini cha kilo, na kilo nane huenda zikatozwa kama kumi au zaidi. Hata zikitozwa kilo kumi, gauni linafika kwa dola 3.13, bado chini ya begi la tatu.

Magauni yote 216 yakienda kago ya ndege ni dola 540. Yakienda kwa meli, nguo zilizobanwa vizuri zikichukuliwa kuwa kilo 200 kwa mita ya ujazo, yatachukua mita 0.27 na gharama itakuwa kama dola 122, senti 56 kwa gauni. Tofauti kati ya kago ya ndege na meli ni zaidi ya dola 400.

Meli nayo huchukua muda wake. Safari ya bahari kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam, ukijumlisha kungoja kontena lijae, kushusha, kuhamishia kwenye bandari kavu na kutoa forodhani, ni mwezi na nusu au miwili. Katika muda huo dola 1,080 za magauni 216 zimelala. Mfanyabiashara ajiulize: mtaji huo ungemzalishia dola 400 kama ungefika ndani ya wiki mbili na kuzunguka? Kwa gauni la mtindo ambalo kila duka la mtaa litakuwa nalo baada ya mwezi, jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa sare za shule zinazotakiwa Januari na zimenunuliwa Septemba, jibu ni hapana, na anayezipandisha ndege anagawa faida yake. Kalenda ya China nayo huingia hapa. Wiki za kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, viwanda hukimbiza oda na maghala hufurika. Kisha kila kitu hufungwa. Mzigo uliokosa kontena la mwisho kabla ya sikukuu hungoja wiki kadhaa hata kama umeshalipiwa.

Ushuru ni uleule kwa sheria

Hadi hapa mabegi yamelinganishwa na kago kana kwamba dola 2.08 na dola 2.50 ni vitu vya aina moja. Sivyo. Bei ya wakala imejumlisha ushuru. Bei ya begi ni nauli tupu.

Imani kwamba kilichomo begini hakilipiwi ushuru imewaponza wengi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe abiria vitu vyake binafsi na vya matumizi ya nyumbani kwake. Msamaha huo hautolewi kwa bidhaa za biashara, na vitambaa vya jora navyo vimetajwa waziwazi kuwa nje yake. Magauni 184 ya mtindo mmoja katika saizi nne hayawezi kuitwa nguo za safari. Mabegi hupita kwenye mashine ya mionzi, na rundo la vitu vinavyofanana huonekana kwenye kioo bila kufungua zipu.

Kiwango chenyewe si kidogo. Tangu Julai 2022 nguo zilizoshonwa zimo katika kundi la juu la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, asilimia 35. Juu ya thamani na ushuru huo, Tanzania Bara huongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa gauni la dola 5, ushuru ni dola 1.75, kodi ya ongezeko la thamani juu ya dola 6.75 ni dola 1.21 na kidogo. Jumla ni karibu dola 2.97, bila tozo nyingine ndogondogo. Kuna nafuu moja: kwa mzigo ulioletwa kwa ndege, sheria hiyo haiongezi nauli kwenye thamani inayotozwa ushuru, wakati nauli ya meli huongezwa. Kwa hiyo anayetamka mzigo wake wa begi anatozwa kwa bei ya kununulia, mradi awe na risiti inayosadikika. Risiti za masoko ya jumla ya Guangzhou mara nyingi ni karatasi ya nakala iliyoandikwa kwa mkono na kwa Kichina. Afisa asiporidhika nayo hutumia thamani ya bidhaa za aina hiyo zilizokwisha kupita. Risiti yenye muhuri wa duka, idadi na bei ya kipande, pamoja na ushahidi wa malipo kwenye simu, hupunguza mabishano.

Sasa namba zirudiwe. Gauni lililokuja kwa begi na kutamkwa forodhani limefika kwa nauli ya dola 2.08 na kodi ya dola 2.97, jumla dola 5.05. Lililokuja kwa kago limefika kwa dola 2.50 zote. Kwa haraka kago imeshinda kwa mbali. Lakini dola 2.50 hizo, zinazodaiwa kuwa na nauli ndani yake, ni ndogo kuliko kodi peke yake. Kwa meli, ambako gauni linafika kwa senti 56, pengo ni kubwa zaidi. Bei ya jumla ikiwa chini ya kodi inayostahili, ama thamani iliyotamkwa ni ndogo kuliko iliyo kwenye risiti, ama mzigo umeandikwa kwa jina la bidhaa nyingine yenye ushuru mdogo. Hakuna njia ya tatu iliyo rahisi kuiamini.

Mteja haoni hayo, kwa sababu hati ya forodha, ambayo Tanzania huitwa TANSAD, imeandikwa kwa jina la wakala au la mtu mwingine na inahusu kontena zima. Yeye hupewa karatasi ya kilo na kiasi alicholipa. Siku maofisa wa kodi wakiingia stoo na kuuliza mzigo ulilipiwa wapi, karatasi hiyo haijibu. Kamatakamata ya aina hiyo ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023. Swali la kumuuliza wakala kabla ya kukabidhi mzigo ni kama atatoa nakala ya hati inayoonyesha bidhaa za mteja na kodi iliyolipwa. Wapo wanaotoa, kwa bei ya juu kidogo, hasa kwa mzigo unaotolewa peke yake. Bei hiyo ndiyo inayostahili kulinganishwa na begi lililolipiwa ushuru. Ile ya chini hailingani na kitu.

Visivyopanda na vinavyopotea

Baadhi ya bidhaa hazina uchaguzi. Betri za kubebeka za kuchajia simu haziruhusiwi kabisa kwenye mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege. Abiria huruhusiwa chache za matumizi yake mkononi. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa chake, zimepigwa marufuku kama kago kwenye ndege za abiria tangu 2016. Manukato kwa wingi ni bidhaa hatari kwa sababu ya alkoholi. Wakala anayeahidi kupitisha betri "ndani ya nguo" kwa bei ya nguo anahatarisha mzigo wa wote waliomo kwenye shehena hiyo, maana ikikamatwa boksi moja, huzuiliwa zote.

Jambo jingine ni kuuziana kilo. Abiria asiye na mzigo huuza nafasi yake kwa mwenye nao, na bei huwa nusu ya begi la kulipia au chini ya hapo. Mbele ya forodha na polisi, begi ni la aliyelisajili kaunta. Anayebeba la mwenzake bila kulifungua amejitwisha kila kilichomo, na kwa safari zinazopita viwanja vya China, ambako dawa za kulevya huweza kuleta hukumu ya kifo, unafuu huo haustahili hata kujadiliwa.

Mzigo ukipotea, begi na kago hutofautiana tena. Safari za kimataifa kati ya nchi wanachama husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Kwa begi, kikomo cha fidia huhesabiwa kwa abiria, bila kujali ana mabegi mangapi: tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Kwa kago kikomo ni SDR 26 kwa kila kilo. Namba hizo mbili hukutana karibu na kilo 58. Mfanyabiashara mwenye mabegi matano ya nguo za dola 4,000, yakipotea yote, atalipwa kwa kikomo cha abiria mmoja, hata kama alilipia mabegi matatu ya ziada kwa dola 450. Anaweza kutamka thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia nyongeza. Wachache hujua kuwa haki hiyo ipo. Kwa kago kikomo hukua pamoja na kilo, lakini mkataba wa uchukuzi umeandikwa kwa jina la wakala, kwa hiyo mteja humdai wakala, na nguvu yake ni karatasi aliyopewa ghalani. Kama karatasi hiyo haina idadi, uzito na thamani, madai yataishia kwenye bei ya kilo aliyolipa.

Malalamiko ya kuharibika huandikwa ndani ya siku 7 kwa begi na siku 14 kwa kago, na ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu mzigo upokelewe. Begi ambalo halijaonekana siku 21 baada ya tarehe lililopaswa kufika huhesabiwa limepotea. Kinachomsaidia mwenye nalo ni ripoti aliyoandikiwa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, kibandiko cha begi na picha za yaliyomo zilizopigwa hotelini wakati wa kufunga.